Rula ya Mita Inaponing'inizwa Robo ya Urefu Wake

Rula ya mita ya mbao, ile ndefu ambayo mwalimu huitumia kupiga mistari ubaoni, hutulia juu ya kidole ukiikingia kwenye alama ya sentimita 50. Hapo ndipo katikati yake, na kwa kuwa mbao yake ina unene na upana ulio sawa urefu mzima, hapo ndipo pia kilipo kitovu cha tungamo lake. Sasa toboa tundu dogo kwenye alama ya sentimita 25, yaani robo ya urefu kutoka ncha moja. Pitisha msumari mwembamba uliopigiliwa ukutani, uiache rula ining'inie. Sentimita 25 zitakuwa juu ya msumari na sentimita 75 zitakuwa chini yake. Isukume kidogo pembeni, itaanza kupembea kama pendulamu ya saa ya ukutani.

Swali la makala haya ni hili: rula hiyo inakataa kuzungushwa kwa kiasi gani inapoegemea msumari huo? Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaosoma fizikia hukutana na swali la namna hii katika mada ya mwendo wa kuzunguka. Wengi hukariri jibu lake bila kuliamini. Mimi naona robo ya fimbo ndiyo mahali pazuri kuliko pote pa kuifahamu kanuni inayohusika, kwa sababu hapo makosa yote ya kawaida hujitokeza waziwazi, na jibu sahihi linaweza kupimwa kwa saa ya simu.

Tuanze na hilo neno kukataa. Kitu kikiwa kinasukumwa kwenda mbele, kinachokipa ukaidi ni tungamo lake peke yake: kilo mbili ni kilo mbili popote utakapozishika. Kuzunguka ni jambo tofauti. Shika mpini wa ufagio katikati uupindepinde mkononi, kisha ushike kwenye ncha ufanye vivyo hivyo. Mpini ni uleule, lakini mara ya pili mkono unachoka upesi. Kinachohesabiwa hapa ni tungamo la kila chembe likizidishwa kwa mraba wa umbali wake kutoka kwenye mhimili. Chembe iliyo mbali mara mbili ina ukaidi mara nne. Iliyo mbali mara tatu, mara tisa. Jumla ya ukaidi wa chembe zote huitwa momenti ya inesha, na kwa desturi huandikwa kwa herufi I.

Kwa fimbo iliyo sawa urefu mzima, yenye tungamo M na urefu L, majibu mawili yanajulikana sana. Ikizungushwa kwenye katikati yake, I = ML²/12. Ikizungushwa kwenye ncha, I = ML²/3, yaani mara nne ya ile ya kwanza. Tuipe rula yetu gramu 120 ili hesabu iwe nyepesi. Kwa kilo 0.12 na mita 1, momenti ya inesha kwenye katikati ni 0.01, na kwenye ncha ni 0.04, kwa kipimo cha kilo-mita za mraba. Robo iko kati ya ncha na katikati, kwa hiyo kabla ya kufanya hesabu yoyote tunajua kwamba jibu lazima liangukie kati ya 0.01 na 0.04. Tafadhali ukumbuke mpaka huo, maana utatufaa baada ya muda mfupi.

Kanuni ya mihimili sambamba inasema hivi: ukiijua momenti ya inesha ya kitu kwenye mhimili unaopita katika kitovu cha tungamo lake, basi kwa mhimili mwingine wowote ulio sambamba na huo, ongeza tungamo lote likizidishwa kwa mraba wa umbali kati ya mihimili hiyo miwili. Kwa alama, I = I₀ + Md². Katika rula yetu, I₀ ni 0.01, na umbali d kutoka alama ya 50 hadi alama ya 25 ni mita 0.25. Mraba wa 0.25 ni 0.0625; ukizidisha kwa 0.12 unapata 0.0075. Jumla ni 0.0175. Kwa fimbo yoyote iliyo sawa, hesabu hiyohiyo inakuwa ML²/12 + ML²/16, na ukizileta sehemu hizo kwenye asili moja unapata 4/48 + 3/48, yaani 7ML²/48.

Hesabu imekwisha, na mwanafunzi anaweza kufunga daftari. Lakini kwa nini iwe kujumlisha tu? Na kwa nini lazima tuanzie katikati?

Jibu linaonekana ukizitazama chembe mbilimbili. Chagua chembe mbili zinazolingana, moja sentimita 10 kushoto kwa katikati na nyingine sentimita 10 kulia. Mhimili ukiwa katikati, miraba ya umbali wao ni 100 na 100, jumla 200. Sasa hamisha mhimili sentimita 25 kwenda kushoto. Chembe ya kulia imekuwa mbali zaidi, sentimita 35. Ya kushoto sasa iko sentimita 15 kutoka kwenye mhimili. Miraba yao ni 1225 na 225, jumla 1450. Ongezeko ni 1250.

Chagua jozi nyingine, sentimita 40 kila upande. Mwanzoni miraba ni 1600 na 1600, jumla 3200. Baada ya kuhamisha mhimili, umbali unakuwa 65 na 15. Miraba ni 4225 na 225, jumla 4450. Ongezeko ni 1250 tena. Jaribu jozi yoyote utakayo, iwe ya sentimita 3 au ya sentimita 50 kwenye ncha zenyewe, ongezeko halibadiliki. Na 1250 ni mara mbili ya 625, ambao ni mraba wa 25. Kila chembe katika jozi, kwa wastani, imeongezewa mraba wa umbali ule mhimili uliohama, bila kujali ilikuwa wapi kwenye rula. Ndiyo maana tungamo lote linazidishwa kwa d² kana kwamba limekusanyika mahali pamoja.

Kilichotokea ni kwamba chembe ya kulia imepata faida na ya kushoto imepata hasara, na faida na hasara hizo zimefutana; kilichobaki ni kile kiasi kisichofutika. Ufutaji huo unawezekana kwa sababu tu tulianzia mahali ambapo pande mbili zinasawazika, na mahali hapo ni kitovu cha tungamo peke yake. Si lazima kitu kiwe na umbo linalofanana kushoto na kulia kama rula yetu. Nyundo nayo inaitii kanuni hii, kwa kuwa kitovu cha tungamo ndiyo sehemu ambayo tungamo likizidishwa kwa umbali upande mmoja hulingana na upande wa pili.

Sasa tazama kosa linalofanyika mara nyingi. Mwanafunzi anakumbuka vizuri ML²/3 ya ncha. Anaona kutoka ncha hadi robo ni umbali wa L/4, na anajumlisha: ML²/3 + ML²/16. Anapata 19ML²/48. Kwa rula yetu hiyo ni 0.0475. Kumbuka ule mpaka: kwenye ncha kabisa ukaidi ni 0.04, na hapo ndipo unapokuwa mkubwa kuliko mahali pengine popote kwenye rula. Haiwezekani kusogea kuelekea katikati halafu ukaidi uongezeke. Kosa linajifichua lenyewe, mradi mtu akumbuke kulilinganisha jibu lake na yale mawili anayoyajua.

Anayetaka kuanzia ncha anaweza kufika, ila lazima apitie katikati. Kutoka ncha hadi kitovu cha tungamo anatoa M(L/2)², ambayo ni 0.03, na anabaki na 0.01. Kisha kutoka kitovu hadi robo anaongeza 0.0075. Anafika 0.0175. Kuelekea kitovu ni kutoa na kukiacha ni kuongeza, na njia ya mkato kati ya mihimili miwili isiyopita kitovuni haipo.

Kuna namna nyingine ya kulihakikisha jibu ambayo haihitaji kanuni hii hata kidogo, nami naipenda kwa sababu inaonyesha ukaidi wenyewe umekaa wapi. Ichukulie rula kama fimbo mbili zilizoungwa kwenye msumari, kila moja ikizunguka kwenye ncha yake. Fupi ina mita 0.25 na kilo 0.03. Theluthi ya 0.03 ikizidishwa kwa mraba wa 0.25 ni 0.000625. Ndefu ina mita 0.75 na kilo 0.09, theluthi ya 0.09 ikizidishwa kwa mraba wa 0.75 ni 0.016875. Jumla ni 0.0175, sawasawa na tulivyopata. Angalia pia uwiano wa sehemu hizo mbili. Ndefu ni mara tatu ya fupi kwa urefu na kwa tungamo, lakini ukaidi wake ni mara 27. Sentimita 25 zilizo juu ya msumari karibu hazina sauti yoyote katika mzunguko huu.

Hayo yote bado ni hesabu za karatasini. Tumwachie msumari aseme. Rula inayopembea kwa mwendo mdogo hutumia muda maalumu kwenda na kurudi, na muda huo huitwa kipindi. Kinategemea vitu viwili vinavyoshindana: ukaidi wa kuzunguka, ambao huchelewesha, na uzito unaoivuta rula irudi wima, ambao huharakisha. Kwa alama, T = 2π√(I/Mgd), ambapo g ni mchapuko wa mvutano wa dunia. Katika maeneo yetu yaliyo karibu na ikweta g ni takriban 9.78 kwa mita na sekunde. Ukiweka I = 7ML²/48 na d = L/4, tungamo linajifuta juu na chini, na kinachobaki ni T = 2π√(7L/12g). Gramu 120 tulizochagua hazina tena kazi. Rula nzito na nyepesi zenye urefu mmoja hupembea kwa kipindi kimoja. Kwa mita 1 unapata sekunde 1.53. Mipembeo 20, kwenda na kurudi, inachukua sekunde 30.7.

Saa ya simu inatosha kabisa kuamua nani amekosea. Aliyejumlisha kutoka ncha na kupata 19/48 anatabiri sekunde 50.6 kwa mipembeo 20. Aliyesahau kuongeza chochote, akatumia ML²/12 peke yake, anatabiri 23.2. Aliyeichukulia rula kama punje moja iliyokusanyika katikati yake, akatumia Md² bila I₀, anatabiri 20.1. Majibu hayo yako mbalimbali sana hata mkono mzito wa kubonyeza saa hauwezi kuyachanganya. Ukipata kati ya 30 na 31, saba ya arobaini na nane imethibitika mbele ya macho yako.

Yapo mambo ya kuangalia. Usiisukume rula mbali. Mkengeuko wa nyuzi 10 kutoka wima huongeza kipindi kwa kama sehemu mbili tu katika elfu, lakini nyuzi 30 huongeza karibu sehemu 17 katika elfu, na hapo mipembeo 20 inachelewa nusu sekunde. Tundu liwe pana kidogo kuliko msumari ili rula isikwaruze. Hapo utasema: lakini basi rula inaning'inia kwenye ukingo wa juu wa tundu, si kwenye alama ya 25 yenyewe. Ni kweli, na kwa tundu la milimita 5 mhimili unakuwa umesogea milimita mbili na nusu. Ajabu ni kwamba kosa hilo halionekani kabisa: katika mipembeo 20 linabadilisha muda kwa mbili tu za mia za sekunde.

Sababu ya uvumilivu huo ni jambo ambalo watu wengi hawalitarajii. Toboa matundu kadhaa kwenye rula ileile na upime kila moja. Tundu lililo sentimita 1 kutoka ncha linatoa sekunde 32.6 kwa mipembeo 20. La robo linatoa 30.7. Mtu angedhani kwamba kadiri unavyoikaribia katikati ndivyo rula itakavyoharakisha, kwa kuwa ukaidi unapungua. Lakini tundu la alama ya 45, sentimita tano tu kutoka katikati, linatoa sekunde 52.6. Karibu na katikati ukaidi hauwezi kushuka chini ya ule wa I₀, wakati uzito unaovuta kurudi unapoteza nguvu kwa sababu d imekuwa ndogo. Kwenye alama ya 50 yenyewe rula haipembei tena. Inakaa popote unapoiacha. Kwa hiyo mahali fulani kati ya ncha na katikati kuna kipindi kifupi kuliko vyote, na mahali hapo ni sentimita 28.9 kutoka katikati, yaani alama ya 21.1. Huko mipembeo 20 huchukua sekunde 30.5. Robo iko jirani tu, chini kabisa ya bonde hilo, na mtu aliye chini ya bonde akisogea kidogo hapandi wala hashuki.

Bonde lina pande mbili, na hapo ndipo linapotokea jambo zuri kuliko yote katika habari hii. Ikiwa robo iko upande mmoja wa bonde, lazima kuwe na mahali pengine, upande wa pili, penye kipindi kilekile. Kwa robo, mahali hapo ni theluthi moja ya urefu kutoka katikati, alama ya 16.7. Fanya hesabu: ML²/12 + ML²/9 ni 7ML²/36, ukigawanya kwa M na kwa L/3 unapata 7L/12, urefu uleule tulioupata kwenye robo. Matundu mawili, umbali tofauti, ukaidi tofauti, kipindi kimoja.

Na kwa kuwa rula inafanana pande zote, unaweza kulitoboa tundu hilo la pili upande wa pili wa katikati, kwenye alama ya 83.3, na kuigeuza rula juu chini. Sasa pima umbali kati ya matundu mawili: kutoka 25 hadi 83.3 ni sentimita 58.3, ambazo ni 7/12 za mita. Huo ndio urefu wa pendulamu ya uzi na jiwe dogo ambayo ingepembea pamoja na rula yetu bila kuachana. Funga jiwe kwenye uzi wa urefu huo, liachie sambamba na rula, utaviona vikienda pamoja.

Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyelieleza jambo hili katika kitabu chake cha saa za pendulamu kilichochapishwa Paris mwaka 1673. Alikuwa ameunda saa ya pendulamu mwaka 1656, na alihitaji kujua kipindi cha kitu chenye umbo na unene, si punje ya kufikirika kwenye uzi. Alionyesha kwamba mahali pa kuning'inizia na mwenza wake wa ng'ambo ya kitovu vinaweza kubadilishana nafasi bila kipindi kubadilika. Kanuni ya mihimili sambamba huitwa mpaka leo kwa jina lake na la Jakob Steiner, mwanajiometria wa Uswisi wa karne ya 19.

Mwingereza Henry Kater, aliyekuwa kapteni wa jeshi, aliigeuza hoja hiyo kuwa chombo cha kupimia. Alitengeneza pendulamu ya shaba nyeupe yenye makali mawili ya kuning'inizia yaliyoelekeana, akaipembeza kwenye kali moja, akaigeuza na kuipembeza kwenye la pili, akawa anasogeza uzito mdogo juu yake mpaka vipindi viwili vikalingana. Hakuhitaji kujua momenti ya inesha wala kitovu kilipo hasa. Alihitaji kupima umbali kati ya makali mawili na muda tu. Mwaka 1818 alichapisha jibu lake la urefu wa pendulamu inayopiga sekunde mjini London: karibu inchi 39.14, sawa na sentimita 99.4.

Rula yenye matundu kwenye 25 na 83.3 ni ndugu wa chombo hicho. Pima kipindi T kwa kila tundu. Vikilingana, g = 4π² × 0.583 / T², na kwa sekunde 1.534 inatoka 9.78. Usahihi unategemea mkono wako kwenye saa: ukikosea moja ya tano ya sekunde katika mipembeo 20, g inapotea kwa zaidi kidogo ya moja katika mia, hivyo ni bora kuhesabu mipembeo 50 ikiwa rula bado inapembea vizuri kufikia hapo.

Vipindi visipolingana hata baada ya kurudia, usiilaumu kanuni. Rudisha rula kwenye kidole na utazame inatulia kwenye alama gani. Rula nyingi za shuleni zimepigiliwa kipande cha bati kwenye ncha moja, na nyingine mbao yake ina fundo upande mmoja. Zikitulia kwenye 51 au 49, basi si fimbo iliyo sawa, na 1/12 ya mwanzo haiihusu tena. I = I₀ + Md² bado inafanya kazi, ila d ipimwe kutoka pale kidole kilipo, na I₀ ipatikane kutoka kwenye kipindi chenyewe badala ya kutoka kitabuni.